Mteja kaniuliza "Tume ipi?": barua pepe moja, makosa 18 ya kutenga na kuunga maneno

Karani wa Gatini

Wakuu, habari za majukumu. Kuna jambo limenitoa jasho leo, naomba mnisaidie kabla sijaingia kazini kesho.

Niko kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar. Nyaraka nyingi ni za Kiingereza, ila wateja wa Kariakoo na wa mikoani tunawaandikia Kiswahili, na kazi hiyo nimepewa mimi. Jana nilimwandikia mteja mmoja hivi, nimeinakili kama ilivyokwenda:

"Ndugu mteja, husika na kichwa cha habari hapo juu. Tume pokea nyaraka zako leo asubuhi.Tuna kushukuru kwa ushirikiano wako , ila tunashida ndogo kwasababu ankara ulio ambatanisha haina mhuri. Kwahiyo tuna omba utume nyingine kabla ya saa6 mchana ilituweze kuendelea na hatua yapili. Nimuhimu pia kutuma nakala ya kitambulisho cha mwenye kiti wa bodi. Baada ye tuta kujulisha siku yakuja kuchukua mzigo ofisi ni kwetu."

Nusu saa haijapita mteja kajibu mstari mmoja: "Tume ipi tena hiyo? Mzigo wangu umefikaje Tume?" Na nakala kampa bosi. Bosi kaichapisha, kachukua kalamu nyekundu, kazungushia sehemu 18, kaniwekea mezani, kaondoka bila kusema neno.

Ile "kwasababu" nimeshaelewa, ni "kwa sababu". Hizo nyingine ndizo zinanichanganya, maana pengine kaniambia niunge na pengine nitenge, na herufi ni zilezile. Kanuni yake ni nini? Nawasilisha.

Mla Mihogo

Mzigo umeshikwa na Tume, halafu mbele kuna tuta. Ningekuwa mimi huyo mteja nisingeandika, ningepiga simu nalia.

Mzee wa Taipureta

Kijana, suala la nafasi ni dogo sana. Fungua Word, chagua maandishi yote, nafasi kati ya mistari weka 1.5, na kati ya aya na aya ruka mstari mmoja. Barua ya ofisi haibanwi. Sisi tulikuwa tunagonga mashine, ukisahau kuruka mstari katibu mkuu anairudisha.

Karani wa Gatini

Shikamoo mzee. Si nafasi ya mistari, ni ya maneno.

Mzee wa Taipureta

Marahaba. Hata hivyo 1.5 inasaidia macho.

Mwamba wa Kigogo

Mbona rahisi, mnamzungusha kijana bure. Vineno vyote vifupi vinasimama peke yake: kwa, ya, wa, cha, la, na, ni, si. Kwa hiyo kwa sababu, ya pili, ni muhimu, tuna omba. Kariri hivyo umemaliza.

Karani wa Gatini

Mkuu, "tuna omba" bosi kaizungushia.

Mwamba wa Kigogo

Bosi wako naye kakosea. Na ni na.

Binti wa Mapokezi

Basi kaka Mwamba, kwangu niandike "kwa ngu"? Na kwamba iwe "kwa mba"? Na yangu?

Mwamba wa Kigogo

Dada usinitafutie visa, hayo yanajulikana.

Bi Sahihisho

Mwanangu Karani, nimesahihisha miswada ya watu miaka mingi, na barua yako nimeipenda kuliko unavyodhani, maana makosa yake yana mpangilio.

Angalia sehemu mbili. Umeandika "tuna kushukuru" mbalimbali, kisha mbele kidogo "tunashida" pamoja. Ungezibadilishana hizo nafasi tu, zote mbili zingekuwa sawa: tunakushukuru, tuna shida. Masikio yako yanasikia "tuna" ileile, na ndiyo hiyohiyo iliyomkwaza Bwana Mwamba. Ila ya kwanza inasema kitendo kinafanyika sasa, ya pili inasema tumeshika kitu, tunacho. Shida ni kitu. Kushukuru ni kitendo. "Na" ya wakati haiwezi kutoka ndani ya kitendo chake, kama vile "me" na "ta" zisivyoweza. "Na" ya kuwa na kitu inasimama, na kile kitu kinakuja nyuma yake kama neno lake.

Ukiwa na wasiwasi, ipeleke sentensi kwenye jana. Tunaomba inakuwa tuliomba, "na" imetoweka na "li" imekaa mahali pake. Tuna shida inakuwa tulikuwa na shida, "na" bado ipo, tena sasa imesimama peke yake kabisa. Ikitoweka, unga. Ikibaki, tenga.

Na unajua unachokifanya, hujui tu kwamba unajua. Mstari huohuo umeandika "haina mhuri" sawasawa bila kosa. Haina mhuri na tuna shida ni jengo moja. Mbona hukuandika "hainamhuri"?

Karani wa Gatini

Duh. Shikamoo mama. Kweli hainamhuri ningeona mwenyewe kwamba ni kichekesho.

Bi Sahihisho

Marahaba. Tuendelee, maana hapo tumemaliza chache tu.

Sehemu ulizokata vitendo: tume pokea, tuna kushukuru, tuna omba, tuta kujulisha. Zisome kwa sauti kama ulivyoziandika. Kiswahili kila neno hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho. Tunaomba lina mkazo mmoja, pale kwenye "o". Ukiandika "tuna omba" unamlazimisha msomaji akaze na "tu" pia, mara mbili, kama anayesoma majina ya watu wawili. Kwa "tuna shida" ndivyo tunavyosema kweli, mikazo miwili. Kwa vitendo sikio ni shahidi mzuri. Na kwako imekuwa mbaya zaidi kwa sababu vipande vingine vikikatwa vinageuka maneno kamili: tume ni chombo cha serikali, tuta limelala barabarani. Kompyuta haikushtui kwa hayo, na ukianza sentensi kwa herufi kubwa ndiyo kabisa, Tume.

Lakini sikio hilohilo linadanganya kwenye "kwa". Silabi moja haina ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo haikazwi. Inalalia neno la mbele yake. Ukisema kwa sababu, mkazo ni mmoja tu, kwenye "ba". Sikio linaripoti neno moja na mkono unaandika neno moja. Ndiyo maana watu waliosoma hadi chuo kikuu wanaandika kwasababu, na hao hao hawawezi hata siku moja kuandika tuna omba.

Hapo acha sikio, jaribu kuchomoa. Sababu inaishi peke yake: bila sababu, sababu hii, kwa sababu mbili, kwa sababu zangu. "Kwa hiyo" nayo ni mkato tu wa "kwa sababu hiyo", ile "hiyo" inaionyesha sababu isiyotajwa. "Kwamba" huchomoi kitu, "mba" hakuna. Kwangu vilevile, "ngu" hakuna. Mwamba hakukosea kote, alichokosea ni kupima neno kwa ufupi wake badala ya kuangalia kama kilichobaki kinaweza kusimama.

Mwamba wa Kigogo

Haya mama. Na kwani? Ukichomoa kwa inabaki ni, na ni ni neno.

Bi Sahihisho

Hapo umenipata. Kipimo changu kinavuja kwenye kwani. "Kwa ni" haina maana popote, kwa hiyo mtu hapotei, lakini ni kweli kuchomoa peke yake hakutoshi.

Mla Mihogo

Mwamba kapata moja, andikeni tarehe.

Mhasibu Mchovu

Nisaidieni na mimi nisiendelee kuonekana mwendawazimu. Mwezi uliopita nilipewa taarifa ya mwaka ya chama chetu cha akiba, kurasa arobaini na kitu, imeandikwa na watu watano. Mmoja wao ana ugonjwa huu wa ana kuja, ana toa, ana subiri. Nikasema sitasoma zote, nikabonyeza `Ctrl+H`, juu nikaandika "ana" na nafasi mbele yake, chini "ana" bila nafasi, nikabofya `Replace All`. Word ikaniambia imebadilisha mara 214. Nikafurahi, nikaituma kwa mwenyekiti.

Jioni kanipigia. Ukurasa wa kwanza unaanza "BwanaMwenyekiti". Chini yake "tunashukuru sanakwa", "mkutano wa janaulihudhuriwa", "vijanawengi", "mchanawa tarehe". Kila neno linalomalizikia na ana limemeza jirani yake. Na wale waliokuwa na haki yao, "hana budi", "ana deni", nao wakaungana. Nilikesha.

Bi Sahihisho

Pole. Kuna vitu unaweza kuvibadilisha vyote kwa mkupuo bila hofu: kwasababu, kwahiyo, nimuhimu, hatua yapili, nafasi kabla ya koma. Hayo hayana sura nyingine halali, popote yalipo ni kosa. Lakini ana, tuna, wana, nina, hapana. Hayo mashine haiwezi kujua kama kinachofuata ni kitendo au kitu. Tumia `Find Next`, uone moja moja, uamue mwenyewe. Kurasa arobaini ni saa moja na chai.

Mhasibu Mchovu

Saa moja. Nililala saa tisa usiku.

Binti wa Mapokezi

Mimi nadhani nusu ya haya tunaandika kwenye simu. Kaka Karani, hiyo barua uliandikia wapi?

Karani wa Gatini

Kwenye simu dada, nilikuwa getini namba tano nasubiri gari.

Binti wa Mapokezi

Nilijua. Simu yangu ilikuwa hivyohivyo. Unaanza kuandika tumepokea, ukifika "tume" kibodi inakuletea pale juu neno Tume, kidole kinagusa, inaliweka na nafasi yake tayari. Unamalizia "pokea". Huoni kitu kwa sababu macho yako kwenye herufi. Mbaya zaidi ukiandika kwasababu mara tatu nne inajifunza, baadaye ukiandika kwa inakupa hiyo yenyewe kama zawadi. Nilichofanya, kila likitokea pale juu nalikandamiza kwa muda, inanipa nafasi ya kulitupa kwenye kapu. Tume sikuitupa, maana tunapokea wageni wa tume kweli.

Na "ofisi ni" yako nina hakika ni simu. Nani anasema ofisi ni?

Karani wa Gatini

Ni simu. Lakini "mwenye kiti" niliandika kwa akili zangu timamu. Si mwenye kiti? Ana kiti.

Bi Sahihisho

Asili yake ni hiyo, lakini mwenyekiti wa bodi anabaki mwenyekiti hata akisimama. Ukimwandika mbalimbali unazungumzia mtu yeyote aliye na kiti, kama mwenye gari, mwenye tiketi. Neno limeshakuwa cheo. Kinachochekesha ni kwamba ndani yake bado linakumbuka lilikotoka, wingi wake wenyeviti, vipande vyote viwili vinabadilika, na bado tunaandika neno moja.

"Baada ye" ni hivyohivyo kwa upande mwingine. Baada ya chakula, baada ya saa sita, hapo "ya" inasubiri kitu. Baadaye haisubiri kitu, imefunga mlango.

Hiyo "ulio ambatanisha" nimeiacha mwisho kwa sababu ina makosa mawili na moja bosi wako hakulizungushia. Ankara ni hii, si huu, kwa hiyo uliyoambatanisha. Halafu iunge. Ila usiende kuunga kila "ulio" unayokutana nayo, na wewe wa bandarini utakutana nazo kila siku. Mzigo uliofika, unaunga, kufika ni kitendo. Mzigo ulio bandarini, unatenga, maana bandarini si kitendo, ni mahali. Vivyo hivyo makontena yaliyokaguliwa na makontena yaliyo chini ya ulinzi.

Karani wa Gatini

Mama hii ya "mzigo ulio bandarini" ndiyo imenimaliza. Wiki iliyopita bosi alinirekebishia "uliobandarini" na kesho yake nikaandika "ulio fika" nikidhani nimejifunza.

Mswahili wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Nami niongeze langu. Huku kwetu shuleni tulifundishwa kwa nini, maneno mawili, na ukiandika kwanini unakatwa alama. Nikija kusoma mambo ya Tanzania naiona kwanini imeungwa kila mahali. Mnasemaje?

Mwamba wa Kigogo

Kwanini ni neno moja. Ukisema kwa nini unauliza kitu gani, mfano umekata kwa nini, kwa kisu. Kwanini ni sababu.

Bi Sahihisho

Kwa mara ya kwanza leo Mwamba ana hoja yenye miguu. Mimi natenga, na wahariri niliofanya nao kazi walitenga. Lakini siwezi kusema anayeunga hana sababu; anatofautisha swali la chombo na swali la sababu, na maandishi hayana sauti ya kumsaidia. Ofisini kwako uliza wanafuata lipi, kisha lifuate kila siku. Kinachoudhi ni kuona zote mbili kwenye barua moja.

Mswahili wa Kisauni

Basi nami nina ushahidi wa kuleta. Nyanya yangu aliacha Biblia ya 1952. Mle mmeandikwa "mtu ye yote", "po pote", mbalimbali. Leo nikiandika "ye yote" hata mtoto wa darasa la nne atanicheka. Kwa hivyo si kweli kwamba haya mambo yameshuka na mvua. Yanabadilika.

Karani wa Gatini

Kwa hiyo kwasababu nayo itakubaliwa siku moja?

Mla Mihogo

Subiri kustaafu kwanza.

Mzalendo Halisi

Hizi kanuni ni za BAKITA, wamekaa ofisini wakatunga ili watu wote tuonekane wajinga. Bibi zetu hawakuwa na haya.

Mswahili wa Kisauni

Ndugu, BAKITA iliundwa 1967. Biblia ninayoisema imeitangulia miaka 15, na Yohana 3:16 humo inaanza "Kwa maana", maneno mawili. "Kwa" ilikuwa imetengwa zamani. Kilichobadilika ni yeyote.

Bi Sahihisho

Na tazama kilichobadilika kimebadilika kuelekea wapi. "Ye" peke yake na "po" peke yake havikuwa na maisha, kwa hiyo vikavutwa vikaungwa. Sababu ina maisha yake, bado inatembea yenyewe. Ndiyo maana sidhani kama itamezwa upesi. Lakini nani anajua, angalau na isipokuwa nazo zina vipande ndani yake na hakuna anayetaka kuvirudisha.

Aliyekuwa Jozi

Nimekaa Afrika Kusini miaka sita na jambo hili lilinishangaza kule. Kizulu wanasema ngiyabonga, nashukuru, wanaandika neno moja. Kitswana wanasema ke a leboga, maana ileile, na mpangilio ule ule, mimi kisha kile kiungo cha katikati kisha kitendo, lakini wanaandika maneno matatu! Mtswana akiiona "tume pokea" ya Karani hatashtuka hata kidogo. Mzulu yeye anaunga hadi ile "ya" yetu: nyumba ya mtu kwao ni indlu yomuntu.

Kwa hiyo sisi tumekaa katikati. Kitendo tumekiunga kama Wazulu, "ya" na "kwa" tumeziachia zitembee.

Mwamba wa Kigogo

Kumbe mimi ni Mtswana.

Aliyekuwa Jozi

Kwenye "tuna omba", ndiyo. Kwenye "yangu" umerudi nyumbani.

Mzalendo Halisi

Mimi bado sioni shida iko wapi kwasababu mteja alielewa. Mnapoteza muda.

Karani wa Gatini

Mkuu, mteja aliuliza Tume ipi.

Mhasibu Mchovu

Na kuna hili. Juzi nilitafuta barua zote za mwenyekiti kwenye sanduku la barua pepe, nikaandika mwenyekiti, zikaja tatu. Najua zipo zaidi ya hizo. Nilipoandika "mwenye kiti" ndipo nyingine zikajitokeza, za yule yule bwana wa ana kuja. Kompyuta kwake hao ni watu wawili tofauti. Mkaguzi akija akatafuta neno moja tu, nusu ya kumbukumbu haioni.

Karani wa Gatini

Nimeiandika upya usiku huu, kwenye kompyuta si simu. Naomba mnipitishie:

"Ndugu mteja, tumepokea nyaraka zako. Tunakushukuru kwa ushirikiano wako, ila tuna shida ndogo kwa sababu ankara uliyoambatanisha haina mhuri. Kwa hiyo tunaomba utume nyingine kwa barua pepe kabla ya saa 6 mchana ili tuweze kuendelea na hatua ya pili. Ni muhimu pia kutuma nakala ya kitambulisho cha mwenyekiti wa bodi. Baadaye tutakujulisha siku ya kuja kuchukua mzigo ofisini kwetu. Samahani kwa mkanganyiko wa jana, hakuna Tume yoyote inayohusika na mzigo wako ulio bandarini."

"Husika na kichwa cha habari" nimeitoa, maana kwenye ile ya kwanza hata kichwa chenyewe sikuweka.

Bi Sahihisho

Sina la kuzungushia. Na hiyo ulio bandarini umeiweka makusudi, nimekuona.

Mzee wa Taipureta

Nafasi ya mistari umeweka ngapi?

Karani wa Gatini

1.5 mzee.

Mzee wa Taipureta

Vizuri.

Karani wa Gatini

Mrejesho wakuu. Mteja kajibu asubuhi, ankara yenye mhuri imekuja saa nne kasoro. Bosi kaichapisha tena, kairudisha na duara moja tu, kwenye "barua pepe". Kaandika pembeni: baruapepe, neno moja. Mama Sahihisho?

Bi Sahihisho

Mimi naandika mawili na ndivyo ninavyoiona mara nyingi kwenye machapisho. Bosi wako anayeunga ameshaanza kulifanyia lile lililofanyiwa mwenyekiti. Kamuulize wingi wake.

Mwamba wa Kigogo

Wingi wa barua pepe ni barua pepe. Hapo kuuliza wingi hakusaidii kitu, mama.

Bi Sahihisho

Eh. Basi umepata ya tatu.

Mla Mihogo

Mimi nimehesabu mbili na nusu.